Mafua ya mkubwa, pumzi ya mdogo: tusidharau VRS hapa Kisangani

Leo nataka tuzungumze juu ya mafua. Najua wengine watacheka. Nani asiyejua mafua? Mtoto anatokwa kamasi, anakohoa wiki moja, anapona. Ndivyo tulivyozoea kusema, na kwa watoto wengi ni kweli. Lakini mafua hayohayo yakipita kutoka kwa mtoto wa shule kwenda kwa mtoto wa miezi miwili anayelala pembeni yake, au kwa koko mwenye moyo uliochoka, mambo yanabadilika. Neno langu la leo ni hili: tuache kuangalia ni nani anayekohoa kwa sauti kubwa, tuangalie ni nani anayepata shida ya kuvuta pumzi.

Nianze na jamaa moja ya komini ya Lubunga. Jina lao sitalitaja. Walihama kijiji chao upande wa kushoto wa mto wakati wa vita kati ya Wambole na Walengola, wakapokelewa na ndugu. Sasa wako watu tisa katika chumba kimoja na sebule ndogo. Kati yao kuna mvulana wa miaka saba anayesoma shule ya msingi, mtoto mchanga wa wiki kumi, na koko mwanamke mwenye miaka zaidi ya sabini.

Siku ya Jumatatu yule mvulana alirudi kutoka shuleni na kamasi. Hakuna aliyejali. Alikula, akacheza, akambeba mdogo wake mgongoni mama alipokwenda kuchota maji, na usiku akalala kwenye mkeka uleule. Jumamosi mtoto mchanga naye akaanza kupiga chafya, na kamasi ikamziba pua. Jumapili akawa anashika ziwa, ananyonya kidogo, anaachia ili avute pumzi, analia, anarudi tena. Mama akanunua dawa ya maji ya kikohozi kwenye kibanda cha dawa, na kidonge cha ampisilini ambacho muuzaji alimwambia akifungue na kugawa unga wake mara nne.

Jumatatu jioni mtoto akawa anapumua haraka, na tumbo linapanda na kushuka kwa nguvu. Jumanne asubuhi mama akampeleka kituo cha afya. Wakampima malaria, kipimo kikaonyesha kwamba anayo, wakampa dawa ya malaria na kumrudisha nyumbani. Hakuna aliyemvua nguo ili kuangalia kifua. Usiku wa kuamkia Jumatano mtoto akaacha kupumua kwa muda mfupi, akawa wa rangi ya majivu kwenye midomo, kisha akavuta pumzi tena. Mama aliniambia kwamba muda ule ulikuwa mrefu kuliko safari yao yote ya kukimbia vita. Alfajiri wakavuka mto kwa mtumbwi wa kwanza, wakafika hospitali, mtoto akawekewa oksijeni puani na mpira mwembamba wa kupitishia maziwa ya mama yake hadi tumboni. Alikaa siku tano. Leo anacheka.

Munganga aliyempokea alimwambia mama kwamba mtoto alikuwa na bronkiyoliti, yaani vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu vilikuwa vimevimba na kujaa kamasi. Hakumpima virusi, kwa sababu kipimo hicho hakikuwapo. Lakini ugonjwa huo kwa watoto wachanga huletwa zaidi ya yote na virusi ambavyo waganga wetu huviita VRS, na ambavyo kwa Kiingereza huitwa RSV. Hata bila kipimo, namna ugonjwa ulivyotembea katika nyumba ile inafanana kabisa na tabia ya virusi hivyo.

VRS si ugonjwa mpya, wala haukuletwa na Korona. Wataalamu walivitambua virusi hivi mara ya kwanza mwaka 1956, katika sokwe waliokuwa na mafua kwenye maabara moja huko Marekani, na muda mfupi baadaye wakavikuta katika watoto wenye ugonjwa wa mapafu. Karibu kila mtoto duniani amekwisha kuambukizwa angalau mara moja kabla ya kufikisha miaka miwili. Mtu huweza kuambukizwa tena na tena maisha yake yote, kwa sababu kinga ya mwili haidumu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni: vitamkuta nani, na akiwa na umri gani?

Ukubwa wa jambo unaonekana katika hesabu ya dunia nzima. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 VRS viliua watoto zaidi ya 100,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Karibu nusu yao hawakuwa wamefikisha miezi sita. Na karibu wote, zaidi ya 97 kati ya kila 100, walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini au cha kati. Virusi ni vilevile Kisangani na Brussels. Tofauti ni kwamba huko mtoto anapoanza kuchoka, oksijeni iko karibu.

Kwa nini mtoto wa wiki kumi anaanguka na kaka yake wa miaka saba anaendelea kucheza mpira? Sababu ya kwanza ni upana wa vijia vya hewa. Vya mtoto mchanga ni vyembamba sana, na uvimbe mdogo unatosha kuviziba. Sababu ya pili ni kwamba mtoto mchanga hupumua hasa kwa pua. Pua ikiziba, hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja, na asiponyonya anaishiwa nguvu na maji mwilini. Hatari inaongezeka kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kasoro ya moyo tangu kuzaliwa, mwenye utapiamlo, na anayelala ndani ya moshi wa kuni au mbabula.

Turudi Lubunga kwa yule koko. Naye aliambukizwa wiki ileile, lakini hakuna aliyemtazama, kwa sababu hakuwa na homa kali. Alikohoa kidogo, akaacha kula, akaanza kuchanganya majina ya wajukuu. Watu wakasema ni uzee. Siku ya sita miguu yake ilikuwa imevimba na hakuweza kulala chali bila kukosa hewa. Moyo wake uliokuwa tayari mgonjwa ulikuwa umeshindwa kubeba mzigo wa mapafu. Ndivyo VRS vinavyowafanya wazee wengi. Mara nyingi havionyeshi homa kubwa, bali vinaamsha ugonjwa uliokuwa umelala: moyo, pumu, mapafu yaliyochoshwa na moshi wa miaka mingi, kisukari. Mzee anayeanza kuchanganyikiwa ghafla, anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au anayepumua mara 30 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa niseme juu ya njia ambayo ugonjwa uliingilia, kwa sababu hapo ndipo tunapoweza kufanya kitu bila kungoja serikali wala mashirika. Huko Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti walizifuata nyumba 47 zenye watoto wachanga kwa muda wa miezi sita, kati ya mwaka 2009 na 2010. Watu karibu 500 wa nyumba hizo walichukuliwa kamasi ya puani mara mbili kwa wiki, wawe wagonjwa au wazima. Walitaka kujua nani anamletea mtoto mchanga VRS. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto wachanga walioambukizwa walivipata ndani ya nyumba yao wenyewe, na aliyevileta mara nyingi alikuwa mtoto mkubwa, hasa anayesoma shule.

Nyumba za Kilifi si ngeni kwetu. Ni jamaa kubwa, watoto wengi, watu wanaolala pamoja. Tukiongeza jamaa mbili au tatu za wahamaji katika nyumba moja ya Lubunga au ya Mangobo, njia hiyo inakuwa fupi zaidi. Sisemi hivi kumlaumu mtoto wa shule, wala kuzilaumu jamaa zinazowapokea ndugu zao. Nasema kwamba kamasi ya mwanafunzi ndiyo taarifa ya kwanza tunayopewa, na tunaitupa.

Tangu mtu anapoambukizwa hadi kuanza kutokwa kamasi, kwa kawaida zinapita siku nne hadi sita. Angalia tena kalenda ya jamaa ile: mvulana Jumatatu, mtoto mchanga Jumamosi. Mgonjwa huambukiza wengine kwa siku tatu hadi nane hivi, na mtoto mchanga anaweza kuendelea kuambukiza kwa wiki kadhaa. Virusi hupita kwa matone ya chafya na kikohozi kwa mtu aliye karibu, na kwa mikono. Vinaweza kukaa saa kadhaa juu ya kitu kigumu kama kikombe, meza au simu. Lakini sabuni ya kawaida inaviharibu, kwa kuwa ngozi yao ya nje ni ya mafuta.

Kwa hiyo siku mkubwa anapoanza kutokwa kamasi, mambo matatu yafanyike jioni hiyohiyo. Asimbebe mtoto mchanga, asimbusu, wala asitumie kijiko au kikombe chake kwa muda wa wiki moja. Abadilishe upande wa kulala: mtoto mchanga na mama yake walale upande wenye dirisha au mlango, anayekohoa alale upande mwingine, na kama nafasi haitoshi basi miguu yake ielekee kichwa cha mtoto. Na kila anayetaka kumshika mtoto aoshe mikono kwa sabuni kwanza, hata mama mwenyewe baada ya kumfuta kamasi yule mkubwa. Mama mwenye mafua asiache kunyonyesha. Maziwa yake yana kinga ambayo mtoto anaihitaji. Afunge tu kitambaa safi puani na mdomoni.

Najua mtu atauliza: mbabula tutaiweka wapi, na mvua hizi? Mvua ya Kisangani haina huruma, na hatuna kiangazi kirefu cha kusema tutajihadhari mwezi fulani tu. Lakini hata kuisogeza mbabula chini ya ukingo wa paa, nje ya chumba anacholala mtoto, kunapunguza moshi. Ikibidi kupika ndani, mtoto na koko wakae mahali pengine mpaka moto uishe.

Jambo la pili ni kujua lini mafua yameacha kuwa mafua. VRS vina saa yao. Siku mbili au tatu za kwanza ni kamasi na chafya tu. Hali huwa mbaya zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano. Baadaye mtoto anaanza kupata nafuu, ingawa kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au tatu. Mama wengi wanadanganyika kwa sababu wanaonyeshwa kwa muuguzi siku ya kwanza, wanaambiwa si kitu, na wanaporudi nyumbani wanaamini neno hilo mpaka mwisho. Siku ya kwanza lilikuwa neno la kweli. Siku ya nne halina kazi tena. Mtoto anayezidi kuwa mgonjwa arudishwe, hata kama alionwa jana.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji shule kubwa. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo mpaka uone kifua na tumbo. Chukua simu yenye saa inayoonyesha sekunde, na uhesabu kila mara tumbo linapopanda, kwa dakika moja nzima. Usihesabu kwa sekunde kumi na tano na kuzidisha, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga haziendi sawasawa. Mtoto aliye chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi, hesabu tena. Ikirudi vilevile, ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka afikishe mwaka mmoja, hatari inaanza kwenye 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka kabla ya miaka mitano, inaanza kwenye 40. Mtoto wa Lubunga alihesabiwa hospitali, akakutwa anapumua mara 72. Kama mtu angemhesabu Jumatatu jioni nyumbani, angevuka mto siku moja na nusu mapema.

Zaidi ya hesabu, kuna alama ambazo hazingoji saa. Sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa. Anakoroma au kuguna kila anapotoa pumzi. Matundu ya pua yanafunguka sana. Ameshindwa kunyonya, au ananyonya chini ya nusu ya kawaida yake. Midomo au ulimi unabadilika rangi. Amelegea, haamki vizuri. Pumzi inakatika kwa muda. Kwa watoto wadogo kabisa, kukatika kwa pumzi kunaweza kuja hata kabla ya kikohozi. Ukiona hata alama moja tu kati ya hizi, usipitie kwenye kibanda cha dawa. Nenda hospitali yenye oksijeni, na njiani mbebe mtoto kifua chake kikiwa kimeinuka, shingo isikunjwe ndani ya kikwembe.

Hapa niseme neno juu ya malaria, kwa sababu katika mji wetu kila homa inaitwa malaria. Kipimo kikionyesha malaria, itibiwe, hilo halina ubishi. Lakini mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu na wakati uleule kuwa na VRS katika mapafu. Kipimo cha kidole hakielezi kifua. Mama ana haki ya kusema kwa heshima: "Muuguzi, naomba umhesabu pumzi na umwangalie kifua." Hilo si kumfundisha kazi. Ni jambo lililomo katika utaratibu wa kuwatunza watoto ambao wauguzi wetu wanaufahamu, na siku yenye foleni ndefu linaweza kusahaulika.

Na dawa je? Hakuna kidonge wala sindano ya kawaida inayoua VRS. Antibiyotiki haiviui. Hata hivyo, muuguzi akiona mtoto anapumua haraka anaweza kumpa amoksisilini, kwa kuwa bila mashine hawezi kujua kama ni virusi au bakteria, na nimonia ya bakteria inaua haraka. Dawa hiyo mpeni mtoto mpaka siku ya mwisho aliyosema. Ninachopinga ni unga wa kidonge unaogawanywa kwa kijiko kwenye kibanda, dawa za maji za kukausha kikohozi ambazo zinamlaza mtoto mchanga usingizi na kumpunguzia nguvu ya kupumua, na asali kwa mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja. Faranga za vitu hivyo ndizo zilizokosekana alfajiri ya kulipa mtumbwi.

Nyumbani, kwa mtoto ambaye hana alama za hatari, kinachosaidia ni kuifungua pua na kumnyonyesha kidogokidogo mara nyingi. Chemsha maji, yaache yapoe, chukua kikombe kimoja cha robo lita, tia chumvi nusu kijiko kidogo cha chai, kiwe kimesawazishwa bila kilima. Dondosha matone mawili au matatu katika kila tundu la pua kabla ya kunyonyesha, ngoja kidogo, futa kamasi inayotoka. Maji hayo yatengenezwe mapya kila siku. Hayamponyi mtoto, lakini yanampa nafasi ya kunyonya, na kunyonya ndiko kunakomvusha siku ya nne na ya tano.

Mpaka hapa nimezungumza na jamaa. Sasa nizungumze na wakubwa, kwa sababu si haki kumwachia mama peke yake mzigo wote.

Kitu kinachomwokoa mtoto mwenye bronkiyoliti kali ni oksijeni, na kitu kinachoonyesha kwamba anaihitaji ni kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mkono au cha mguu, kinachosoma kiasi cha oksijeni katika damu. Ikishuka chini ya 90 kwa 100, mtoto apewe oksijeni. Macho ya muuguzi mwenye uzoefu hayawezi kuona tofauti kati ya 93 na 87, hasa kwa mwanga wa taa ya simu usiku. Kifaa hicho hakili umeme wa mji, kinatumia betri. Maoni yangu ni kwamba kila kituo cha afya kinachopokea wahamaji, kuanzia upande wa Lubunga ambako mto unamtenga mgonjwa na hospitali nyingi za mji, kiwe nacho, chenye kishikio cha watoto wachanga. Kabla ya kutuletea ishara nyingine ya barabarani yenye nembo ya mradi, tuleteeni hicho.

Hospitali zinazotoa oksijeni kwa mashine ya umeme ziwe na chupa ya akiba iliyojaa au umeme wa jua. Sisi sote tunajua jinsi umeme unavyokatika hapa mjini. Mtoto akiwekwa kwenye mashine saa mbili usiku na umeme ukaondoka saa tano, kazi yote ya mama ya kuvuka mto inapotea.

Na wanaopanga mahali pa kuwapokea wahamaji, iwe darasa, kanisa au hema, wasigawe nafasi kwa kufuata tu nani aliwahi kufika. Mama mwenye mtoto chini ya miezi sita na mzee mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu wapewe upande wenye hewa, mbali na mahali pa kupikia. Hili halihitaji fedha. Linahitaji mtu mwenye daftari anayeuliza umri wakati wa kuandika majina.

Mwisho ni chanjo. Watu wananiuliza kama chanjo za mtoto zinazuia VRS. Zile za kalenda yetu, kama ya pnemokoki na ile ya magonjwa matano, hazizuii VRS, lakini zinazuia bakteria wakali wanaoshambulia mapafu, kwa hiyo msiziache. Chanjo ya VRS ipo duniani. Mwaka 2023 Marekani na Ulaya waliruhusu chanjo anayochomwa mama mwenye mimba mara moja tu. Mwili wake unatengeneza kinga, na kinga hiyo inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ili azaliwe nayo. Katika majaribio ilizuia kama visa 8 kati ya 10 vya ugonjwa mkali wa VRS katika miezi mitatu ya kwanza ya mtoto, na karibu 7 kati ya 10 mpaka miezi sita, yaani muda uleule wa hatari kubwa. Kuna pia sindano ya kinga iliyokwisha tengenezwa, anayochomwa mtoto mwenyewe baada ya kuzaliwa, lakini katika nchi tajiri bei yake ni mamia ya dola. Wazee nao wana chanjo zao huko, zilizoruhusiwa kuanzia mwaka huohuo 2023.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kuwalinda watoto wachanga kwa moja ya njia hizi mbili, ya mama au ya mtoto. Kwa chanjo ya mama, lilishauri ichomwe kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Ninapoandika, chanjo hiyo haimo katika kalenda ya kawaida ya mama zetu hapa Tshopo. Maoni yangu ni kwamba tuanze kuiomba sasa, kwa wabunge wetu wa jimbo na kwa wakuu wa afya, kama tulivyoona chanjo nyingine zikifika baada ya kuombwa na kupangwa.

Lakini chanjo hiyo itamkuta tu mama anayehudhuria CPN katika miezi mitatu ya mwisho, na inahitaji wiki mbili hivi kabla ya kujifungua ili kinga ipite vizuri. Mama anayefika CPN mara moja tu, mwezi wa tatu, halafu anarudi siku ya uchungu, ataikosa hata ikiwa bure. Kwa hiyo mahudhurio ya CPN ya mwezi wa saba na wa nane ndiyo barabara ambayo chanjo itapitia. Barabara hiyo tunaweza kuitengeneza leo, hata kabla gari halijafika, na kwa mama mhamaji hiyo ina maana asidaiwe karatasi aliyoiacha katika nyumba iliyochomwa.

Mama wa Lubunga ameniomba niwaambie jambo moja, nami naliandika kama alivyosema. Sasa, mtoto yeyote wa nyumba ile akirudi na kamasi, anaoshwa mikono mlangoni na kulala upande wa koko mwanamume, ambaye bado ana nguvu. Na kwenye simu ya mume wake saa ya sekunde iko tayari. Usiku, taa ikiwa imezimwa na wengine wamelala, anamfunua mtoto nguo na kuhesabu. Wiki iliyopita alihesabu 38, akamfunika, akalala.